Barua ya wazi kwa wanaopanga mishahara: shilingi 30,000 za Oktoba zimetoka kwenye asilimia 4

Tanga, 11 Novemba 2024

Kwa mkurugenzi, ofisi ya rasilimaliwatu na mhasibu wa mishahara,

Salaam. Kiwanda sikitaji, maana mnajijua, na vijana walionionyesha karatasi zao bado wanahitaji kuingia getini kesho asubuhi. Mimi nina duka la kuchapa na kutoa kopi hapa Ngamiani. Kabla ya duka nilikuwa karani wa mishahara kwenye shamba la mkonge, na kwa miaka mingi nilipanga malipo ya wakataji na watu wa korona, mashine ya kuchakata majani ya mkonge, kwa kalamu na kikokotoo. Hesabu za makato nimezizoea kama mpishi alivyozoea chumvi. Ninachowaandikia nimekipiga hesabu zaidi ya mara tatu.

Tarehe 1 mwezi huu kijana wenu mmoja aliegesha baiskeli mlangoni, akaniamkia, kisha akanyoosha simu. "Mama, naomba unitazamie hii. Benki wamenikata." Alikuwa na skrinshoti ya hati yake ya mshahara wa Oktoba kutoka kwenye mfumo wenu mpya. Mfumo huo hautoi karatasi wala faili la kupakua, kwa hiyo mfanyakazi anapiga picha ya kioo cha simu na hiyo ndiyo inakuwa hati yake. Picha ilionyesha hivi:

```
BASIC PAY      585,000
HOUSE ALLOW     75,000
OVERTIME        90,000
GROSS PAY      750,000
NSSF            75,000
PAYE            51,000
UNION DUES      11,700
NET PAY        582,300
```

Kabla ya kuuliza kiasi fulani kimetoka wapi, kwanza ninajumlisha. Juu palikuwa sawa: 585,000 na 75,000 na 90,000 ni 750,000 kamili. Chini ndipo palipokataa. Makato matatu yaliyoonekana yanafika 137,700. Ukiyatoa kwenye 750,000 unabaki na 612,300, lakini hati ilisema 582,300. Pengo lilikuwa 30,000 bila senti. Ujumbe wa benki uliokuwa kwenye simu hiyohiyo ulionyesha kuwa zimeingia 582,300, kwa hiyo benki haikuhusika. Fedha iliondoka kabla ya kutoka kwenu.

Pengo la namna hiyo kwenye picha mara nyingi maana yake ni kwamba kuna mstari haukuingia. Nikamwambia afungue mfumo palepale. Orodha ya makato ina sehemu yake ya kuteleza, ukiitazama haraka unaona mistari mitatu tu. Alipoivuta juu kwa kidole, wa nne ukatokea: `OTH DED 2`, shilingi 30,000. Hakuna maelezo mengine. Hesabu sasa ikajumlika.

Hapo ndipo shida ya ofisi yenu inapoanzia. Kijana alikuwa ameshapita dirishani kwenu siku moja kabla, akajibiwa kwamba hesabu iko sawa, ajumlishe mwenyewe aone. Ni kweli inajumlika. Lakini kujumlika kunathibitisha kitu kimoja tu, kwamba kompyuta inajua kutoa. Ningeweza kuandika "mbuzi wa mkurugenzi, 30,000" kwenye mstari ule na bado hesabu ingejumlika. Kila mstari unatakiwa usimame peke yake, uwe na kiwango chake, kitu unachokatwa kutoka kwake, na karatasi au sheria inayouruhusu. Kwa hiyo tulipita mstari kwa mstari, na nataka mjue kwamba kwingine kote mko sahihi.

Ovataimu tulianza nayo kwa sababu ndiyo wengi wanaibishia. Wiki ya kawaida ni saa 45, na mwezi unahesabiwa kuwa wiki 4.333, kwa hiyo mwezi una saa 195. Mshahara wa msingi wa 585,000 ukigawanya kwa 195 unapata shilingi 3,000 kwa saa. Saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu, yaani 4,500. Alifanya saa 20, na 90,000 ndiyo iliyoandikwa. Mchango wake wa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii ni asilimia 10 ya 750,000, yaani 75,000. Ada ya chama ni asilimia 2 ya mshahara wa msingi, 11,700, na fomu ya kuiruhusu aliijaza mwenyewe.

Kodi ya mshahara ilituchukua muda kidogo. Kijana alikuwa ameipiga mwenyewe nyumbani kwa kutumia 750,000 nzima, akapata 66,000, akadhani mmemkosea kwa kumpunguzia. Nikamweleza kwamba mchango wa hifadhi ya jamii hutolewa kwanza, halafu kodi inapigwa kwenye kinachobaki. Kwake kinabaki 675,000, ambacho kinaangukia ngazi ya kati ya 520,000 na 760,000:

```
20,000 + 20% x (675,000 - 520,000) = 51,000
```

Hiyo 20,000 ya mwanzo ni asilimia 8 ya kipande cha kati ya 270,000 na 520,000, na chini ya 270,000 hakuna kodi. Mmeipiga barabara. Mwenye kupanga mishahara hapo kwenu anaijua kazi yake, na ndiyo maana naandika nikitegemea kueleweka.

Basi ukabaki mstari mmoja. Jina `OTH DED 2` ni "makato mengine, namba mbili", yaani halisemi lolote. Shilingi 30,000 ni namba ya duara, na namba ya duara inadanganya. Unapoiona unafikiria mkopo, mchango wa msiba, sare, chakula cha kantini. Kijana mwenyewe alikuwa amekwisha kuamini kwamba ni buti mpya walizogawiwa Septemba, na mwenzake akamwambia ni bodi ya mikopo ya wanafunzi. Bodi haiwezekani. Yeye hakufika chuo, na makato ya bodi ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi, ambayo kwake yangekuwa 87,750.

Nikamwomba miezi ya nyuma. Mwezi mmoja peke yake hauwezi kukuambia kama kato ni la kiasi maalumu au ni la asilimia, lakini miwili ambayo mapato yanatofautiana itakuambia. Agosti, kabla hamjahamia mfumo mpya, mstari ule haukuwepo kabisa. Septemba ulikuwepo, na hakufanya ovataimu hata saa moja. Mapato ghafi yalikuwa 660,000, hifadhi ya jamii 66,000, kodi 34,800, chama 11,700. Alitakiwa kupata 547,500 mkononi. Alipata 521,100. Kato lisilo na jina lilikuwa 26,400.

Buti haziwezi kuwa 26,400 Septemba na 30,000 Oktoba. Mkopo wa kawaida una marejesho yaleyale kila mwezi. Mshahara wa msingi haukubadilika katika miezi hiyo miwili, kwa hiyo kato halikutoka kwenye msingi. Kilichobadilika ni ovataimu tu. Nikagawanya kato kwa mapato ghafi:

```
26,400 / 660,000 = 0.04
30,000 / 750,000 = 0.04
```

Asilimia 4, miezi yote miwili, bila hata shilingi moja kuzidi. Jioni alirudi na mwenzake wa kitengo kingine ambaye mapato yake ghafi ya Oktoba yalikuwa 480,000. Mstari wake wa `OTH DED 2` ulisomeka 19,200. Gawanyeni wenyewe.

Nilinyamaza kidogo pale kaunta. Ninajua mambo mawili tu yanayopigwa kwenye malipo yote ya mfanyakazi, ovataimu ikiwemo, na ambayo mwaka huu yakijumlishwa yanafika asilimia 4. La kwanza ni tozo ya kuendeleza ufundi stadi, ile inayosomeka `SDL`, ambayo mwajiri mwenye wafanyakazi kumi na kuendelea huilipa Mamlaka ya Mapato. Tangu Julai 2023 ni asilimia 3.5. La pili ni mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, `WCF`, asilimia 0.5. Kwa Oktoba ya kijana huyu tozo ni 26,250 na fidia ni 3,750. Jumla 30,000.

Vyote viwili ni mzigo wa mwajiri. Mishahara mnayolipa ndiyo kipimo cha kujua mwajiri anadaiwa kiasi gani, lakini fedha yenyewe hutoka mfukoni mwake. Mfuko wa fidia ndio unaonisikitisha zaidi. Umewekwa ili mtu akikatwa kidole na mashine asianze kuomba hisani ya bosi, na mwajiri ndiye anayeuchangia. Kumkata mfanyakazi mchango huo ni kumfanya ajilipie mwenyewe kidole chake.

Mnaweza kuniambia kwamba sina uhakika. Hesabu inaonyesha namba imetoka wapi, haionyeshi nani aliiweka wala kwa nia gani, na mimi sijamtuhumu mtu wizi. Tena nina sababu ya kuamini kuwa ni kosa la kupanga mfumo. Kila mstari kwenye programu ya mishahara unapewa aina yake: ni malipo, ni kato la mfanyakazi, au ni mchango wa mwajiri. Mchango wa mwajiri huhesabiwa na kuonekana kwenye ripoti za ofisi, lakini haugusi kinachobaki mkononi. Anayehamisha taarifa kutoka mfumo wa zamani akiweka aina ya kato pale palipotakiwa mchango wa mwajiri, watu wote wanakatwa mwezi huohuo na hakuna kengele inayolia, kwa sababu kila hati inajumlika vizuri. Mstari ulianza Septemba, na mfumo mpya ulianza Septemba.

Mhasibu anaweza kulijua hili kabla chai yake haijapoa. Afungue mpangilio wa `OTH DED 2` aone umewekewa asilimia ngapi na ni ya nini. Kisha atazame kitabu cha gharama: kama tozo na mchango wa fidia vimelipwa serikalini kwa Septemba na Oktoba, lakini gharama ya kampuni kwa vitu hivyo imesomeka sifuri au imepungua ghafla kulinganisha na Agosti, basi fedha ya wafanyakazi ndiyo iliyolipa.

Na kama nimekosea, kukosea kwangu ni rahisi kukuonyesha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28, inasema mwajiri hakati mshahara isipokuwa kato linatakiwa au linaruhusiwa na sheria, makubaliano ya pamoja, amri ya mshahara, au amri ya mahakama au tuzo ya msuluhishi, au mfanyakazi amekubali kwa maandishi kukatwa kwa ajili ya deni. Hata pale mtu anapodaiwa kwa kuharibu mali, ni lazima aandikiwe sababu, kiasi na namna kilivyopigwa, apewe nafasi ya kupinga, na makato hayo yasizidi robo ya ujira wake. Kwa hiyo ikiwa mstari huu ni halali, kuna karatasi mahali fulani. Leteni karatasi. Kijana hajasaini yoyote, na mwenzake pia.

Kifungu cha 27 cha sheria hiyohiyo kinataka malipo yaambatane na maelezo ya maandishi. Kioo cha simu kinachoficha mstari wa nne mpaka uvute kwa kidole, chenye jina lisilo na maana, nadhani wote tunakubaliana kwamba si maelezo. Wapeni watu faili kamili wanaloweza kupakua na kuchapa. Nasema hivi na duka langu linapata riziki kwa kuchapa, lakini hasa kwa sababu skrinshoti zinatumwa ovyo. Wiki iliyopita nilipokea kwa simu hati ya mama mmoja ikiwa na jina lake, namba ya uanachama na namba ya akaunti ya benki, imeshapita makundi mawili kabla ya kunifikia, na kwa kupita huko imefifia mpaka 3 na 8 hazitofautiani. Huwaambia wafunike majina na namba za akaunti kabla ya kutuma, na wanitumie picha ya juu mpaka chini ya orodha.

Sasa kuhusu kurudisha, naomba mnisikilize kwa makini, maana hapa ndipo kosa la pili linapozaliwa hata ofisi ikiwa na nia njema. Kijana anadai 26,400 na 30,000, jumla 56,400. Fedha hiyo ilikatwa baada ya kodi. Ilikuwa tayari imepita kwenye hifadhi ya jamii na kodi ya mshahara pamoja na mapato yake mengine. Mkiirudisha mwezi huu kwa kuiingiza upande wa mapato kama posho, mfumo utaikata upya: asilimia 10 ya hifadhi ya jamii ni 5,640, na asilimia 20 ya kodi kwenye 50,760 inayobaki ni 10,152. Atapata 40,608 na kuambiwa amelipwa yote, kumbe atakuwa amelipia kodi mara mbili shilingi ileile. Na nyinyi wenyewe mtakuwa mmeongeza mapato ghafi ambayo tozo yenu inapigwa juu yake.

Njia sahihi ni kuirudisha kwenye mstari uleule wa makato ikiwa na alama ya kutoa, au kwenye mstari wa marekebisho usioguswa na kodi wala mchango wowote. Kwenye hati ya Novemba aone mapato ghafi yake ya kawaida, kodi yake ya kawaida, na kinachobaki mkononi kimezidi kwa 56,400 kamili. Mkifanya hivyo mtu yeyote mwenye kalamu ataweza kuhakikisha bila kuja dukani kwangu. Na mrudishieni kila aliyekatwa, akiwemo yule asiyejua kuvuta orodha kwa kidole.

Shilingi 30,000 kwenye vitabu vyenu ni kitu kidogo. Kijana huyu kila mwisho wa mwezi humtumia mama yake Muheza fedha ya dawa ya presha na matumizi. Septemba alituma pungufu. Oktoba alimwambia asubiri. Mama akadhani mwanawe ameanza anasa za mjini, wakasemeshana kwenye simu maneno ambayo mtoto hakustahili kuambiwa. Alinieleza hayo akiwa anatazama chini, huku kidole chake kikiuvuta ule mstari juu na chini kwenye kioo.

Ninachowaomba ni majibu ya maandishi kwa wafanyakazi wote: `OTH DED 2` ni nini, unapigwa kwa asilimia ngapi ya kitu gani, na nani aliuruhusu. Ukiwa ni tozo na fidia, ufungwe kabla ya mishahara ya Novemba na fedha irudi kwa njia niliyoeleza. Mkinihitaji nije na kikokotoo changu nitakuja, na sitadai nauli.

Mgogoro wa aina hii unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60. Mshahara wa Septemba uliingia tarehe 30, kwa hiyo kwa kato la kwanza siku hizo zinaishia tarehe 29 mwezi huu, Ijumaa. Fomu ya `CMA F.1` nimeshawachapia vijana wawili. Zimejazwa kila kitu isipokuwa saini, na ziko kwenye droo ya kaunta yangu, chini ya karatasi za rangi.

Wenu katika kazi,
Mama wa duka la kopi, Ngamiani